Mwingiliano wa Jenotaipu na Mazingira: Kwa Nini Mbegu Inayoongoza Kitale Hushindwa Katumani

Katika taaluma ya uzalishaji wa mbegu, mwingiliano wa jenotaipu na mazingira ni hali ambayo tofauti ya mavuno kati ya mbegu mbili haibaki ileile zinapohamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, au zinapopandwa msimu huu na kisha msimu mwingine. Jenotaipu ni jumla ya urithi ambao mmea umeupata kwa wazazi wake, na fenotaipu ni kile kinachoonekana na kupimika shambani, kama vile urefu wa bua, idadi ya siku hadi kutoa mbelewele na uzito wa punje. Maneno hayo mawili yaliingizwa katika sayansi mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, ambaye majaribio yake ya maharage yalikuwa yamemwonyesha kwamba punje za ukoo mmoja safi zaweza kutofautiana uzito bila tofauti hiyo kurithiwa na kizazi kinachofuata.

Kiswahili kimeyapokea maneno hayo kwa kuyatohoa, na ni uamuzi unaofaa, kwani neno la kawaida "aina" halitoshi kusimama badala ya jenotaipu. Hata hivyo, katika majaribio ya mbegu istilahi hii hutumiwa kwa ulegevu kidogo: shamba la mahindi yanayochavushana huru lina mimea ambayo kila mmoja una urithi wake, na mtafiti anapoiita mbegu hiyo jenotaipu moja anamaanisha wastani wa kundi zima. "Mazingira" nayo hapa yana maana pana kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku, kwa kuwa hukusanya mwinuko, joto, mvua, udongo na magonjwa pamoja na yale yaliyo mikononi mwa mkulima, yaani tarehe ya kupanda, mbolea na palizi. Sehemu inayoeleweka vibaya zaidi ni neno "mwingiliano", ambalo wengi hulichukua kuwa sawa na "athari ya mazingira". Ikiwa mbegu zote zimepungukiwa tani mbili kwa sababu ya ukame, hiyo ni athari ya mazingira peke yake, na mwingiliano haupo. Mwingiliano huanza pale ukame uleule unapoipunguzia mbegu moja tani saba na nyingine tani moja tu.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki unapatikana katika historia ya mahindi ya Kenya. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale, kilicho katika mwinuko wa karibu mita 1,900, kilitoa H611, chotara iliyopatikana kwa kupandisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekwado. Kutokana na kazi hiyo zilifuata mbegu nyingine za familia ya H6, ikiwamo H614, ambazo zilienea katika nyanda za juu za Kenya na kuvuka mpaka. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, kituo cha Katumani karibu na Machakos, kilicho katika mwinuko wa takribani mita 1,600, kilikuwa kikizalisha mahindi ya namna nyingine kabisa, mafupi, yenye majani machache na yanayokomaa mapema, ambayo wakulima wa Ukambani waliyazoea kwa jina la kituo chenyewe.

Tofauti ya mwinuko kati ya vituo hivyo si kubwa, na anayetazama ramani ya miinuko peke yake anaweza kudhani kwamba mbegu bora ya kimoja ingefaa kingine. Tofauti kubwa iko katika mvua. Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka katika msimu mmoja mrefu unaoanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Novemba. Katumani hupata kiasi cha milimita 700, nacho hugawanyika katika misimu miwili, masika na vuli, kila mmoja ukiwa na mvua ya kutegemewa kwa muda wa miezi miwili hivi. Mbegu za familia ya H6 huhitaji miezi sita au zaidi hadi kukomaa katika nyanda za juu, ilhali mahindi ya Katumani hutoa mbelewele baada ya siku 60 hadi 65 na hukomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne.

Kinachotokea mbegu ya Kitale inapopandwa Katumani hakiko wazi machoni mwa mkulima kwa wiki za mwanzo, kwa sababu mmea hukua kwa nguvu, bua hunenepa, na majani mengi na mapana hulifanya shamba lionekane zuri kuliko la jirani. Majani hayohayo ndiyo yanayovukiza maji ya udongo upesi, wakati mmea bado haujafikia kuchanua. Mvua inapokatika, mahindi ya Katumani yamekwisha kuchavushwa na yanajaza punje kwa unyevu uliobaki ardhini. Yale ya Kitale ndiyo kwanza yanaingia katika kipindi kilicho dhaifu kuliko vyote katika maisha ya mhindi, yaani wiki mbili hivi kabla na baada ya kuchanua. Mmea unaokosa maji wakati huo huendelea kutoa mbelewele karibu kwa wakati wake, lakini ndevu za muhindi huchelewa kuchomoza, hivyo chavua humwagika kabla hazijawa tayari kuipokea, na mavuno huwa magunzi yenye punje za hapa na pale au yasiyo na punje kabisa. Mtafiti anayetaka kujua kama ukame ndio uliohusika huhesabu siku zilizopita kati ya kumwagika kwa chavua na kuchomoza kwa ndevu, kwa maana pengo hilo likipanuka, chanzo cha hasara hakihitaji kutafutwa mbali.

Mahindi ya Katumani nayo yakipelekwa Kitale hayafi, lakini hushindwa kwa njia ya utulivu zaidi. Yakipandwa Machi, hukomaa katikati ya mwaka mvua ikiwa bado inanyesha, kwa hiyo masuke yake hukabiliwa na kuoza, na miezi yote ya jua na unyevu inayofuata hupita bila jani lolote la kuitumia. Sifa ileile, yaani kuwahi kukomaa, ni wokovu mahali pamoja na kasoro mahali pengine, na hakuna kipimo cha ubora kinachoweza kuitaja bila kwanza kuuliza ni wapi.

Namna takwimu zinavyolitenga jambo hili inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya kubuni, yenye tarakimu nyepesi zilizochaguliwa kwa ajili ya maelezo tu. Tuchukulie kwamba katika kituo chenye mvua ndefu mbegu ya muda mrefu imetoa tani 8 kwa hekta na ya muda mfupi tani 4, na katika kituo kikavu ya kwanza imetoa tani 1 na ya pili tani 3. Wastani wa jumla ni tani 4. Wastani wa mbegu ndefu ni 4.5 na wa mbegu fupi ni 3.5, wastani wa kituo cha mvua ni 6 na wa kituo kikavu ni 2. Kama kungekuwa na athari ya mbegu na athari ya mahali tu, mbegu ndefu katika kituo cha mvua ingetarajiwa kutoa 4, pamoja na 0.5 ya ubora wake na 2 ya mahali, yaani tani 6.5. Imetoa 8, na ziada hiyo ya tani 1.5 ndiyo mwingiliano wenyewe. Katika kituo kikavu, ambako ilitarajiwa kutoa 2.5, imepungukiwa kwa kiasi hichohicho.

Mfano huu unafichua pia hatari ya orodha za washindi. Kwa wastani mbegu ndefu inaongoza kwa tani nzima, na ripoti inayochapisha wastani peke yake ingeipendekeza kwa kila mtu, wakati mkulima wa eneo kavu akiipanda atavuna theluthi moja ya kile ambacho angepata kwa mbegu fupi. Sababu ni kwamba vituo vyenye rutuba na mvua huzalisha tofauti kubwa za tani, na tofauti hizo huufunika wastani. Ni kweli kwamba si kila mwingiliano ni wa kubadilishana nafasi: mbegu inaweza kuongoza kwa tani 3 hapa na kwa nusu tani pale, na hapo ushauri kwa mkulima haubadiliki. Ule wa kupishana, ambao mshindi wa hapa ni mshindwa wa pale, ndio unaomlazimu mtafiti kugawa nchi katika kanda na kutoa mbegu kwa kila kanda.

Mwaka 1963 Finlay na Wilkinson, waliofanya kazi na mbegu 277 za shayiri huko Australia ya Kusini, walieneza njia ya kulinganisha mavuno ya kila mbegu na wastani wa mbegu zote katika kila mahali na msimu. Katika mfano uliotangulia, wastani wa kituo unapopanda kutoka 2 hadi 6, mbegu ndefu hupanda kwa tani 7, yaani tani 1.75 kwa kila tani ya mahali, na mbegu fupi hupanda kwa tani 1, yaani robo tani tu kwa kila tani ya mahali. Njia hiyo ni ya manufaa, ingawa vituo viwili havitoshi kuchora mstari wa kuaminika, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba hupima ugumu wa mahali bila kutaja asili ya ugumu huo. Mashamba ya pwani karibu na Mtwapa yanaweza kuwa na wastani mdogo kama ya Katumani, lakini huko mahindi ya nyanda za juu hukumbana na joto, ugonjwa wa milia na kutu ya maeneo yenye joto, na mbegu inayokimbia ukame kwa kukomaa mapema haina kinga yoyote dhidi ya hayo kwa sababu tu imewahi. Ndiyo maana pwani ilitengenezewa chotara zake, zile zinazoitwa Pwani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo jaribio la msimu mmoja haliwezi kulifanya, nalo ni kutenganisha tabia ya mahali na bahati ya mwaka. Mvua za Katumani hubadilika sana, na katika msimu uliorefuka kupita kawaida mbegu ya muda mrefu inaweza kuongoza hapohapo ilipokuwa imeanguka. Mwingiliano unaotokana na mahali hujirudia, kwa hiyo unaweza kutumiwa kwa kugawa kanda. Ule unaotokana na mwaka haujulikani kabla ya kupanda, na dawa yake ni kurudia jaribio kwa misimu kadhaa, kila mbegu ikiwa na ploti tatu au zaidi katika kila kituo, ili ijulikane kama tofauti iliyopatikana inazidi kosa la jaribio lenyewe. Ripoti ya mbegu isiyotaja mwinuko wa kituo, mvua ya msimu, kiasi cha mbolea na mbegu ya kienyeji iliyolinganishwa nayo haimtoshelezi afisa ugani anayetaka kumshauri mkulima wa wilaya nyingine, hata kama tani zilizoandikwa humo ni za kweli.