Masharti ya mkataba wa pango: wanyama, wageni, kelele na mabadiliko ya nyumba (Mpanda na Mkoa wa Katavi)

Haya ni masharti madogo ya mkataba wa pango yanayoeleza jinsi mpangaji atakavyoishi ndani ya nyumba baada ya kodi kulipwa: kama anaruhusiwa kufuga, nani alale kwake, redio iwake hadi saa ngapi, na kama anaweza kutoboa ukuta. Huandikwa mwishoni mwa mkataba na husomwa na wachache, lakini migogoro mingi isiyohusu kodi huanzia hapo. Makala hii inaeleza masharti hayo yalivyo katika vyumba vya kupanga vya Manispaa ya Mpanda, na njia ya kisheria inayofuatwa pale sharti linapovunjwa.

Mahali na mazoea

Mpanda ulikua kama mji wa mgodi wa madini ya risasi na kituo cha mwisho cha tawi la reli linalotoka Kaliua. Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, watumishi wa ofisi mpya walihitaji pa kuishi, na wengi walipanga kwa watu binafsi. Nyumba ya kawaida ya kupanga Makanyagio, Kawajense au Majengo ina korido katikati, vyumba pande mbili, na uani wenye bomba, choo na kamba za kuanikia vinavyotumiwa na wote. Hapo jambo la chumba kimoja ni jambo la nyumba nzima, na ndiyo maana masharti haya yapo.

Sheria haielezi masharti hayo moja moja. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na kinachobaki ni Sehemu ya IX ya Sheria ya Ardhi ya 1999 (Sura ya 113) pamoja na Sheria ya Mikataba (Sura ya 345). Pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kufanywa hata kwa maneno. Kwa sababu wapangaji wengi hulipa miezi mitatu au sita, wapo wanaoishi bila karatasi yoyote. Lakini sharti la maneno kuhusu mbwa au mgeni ni gumu mno kulithibitisha, na mwenye nyumba anayelitaka ni heri aliandike. Mkataba wa maandishi nao ulipiwe ushuru wa stempu, kwani hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa isipokelewe kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Wanyama, wageni na kelele

Sharti la wanyama Mpanda halina habari na paka. Linahusu kuku, bata, njiwa, mbuzi wa kufungwa uani, na mbwa. Mwenye nyumba anayeandika “hairuhusiwi kufuga” anaacha swali kuhusu kuku wawili wa sikukuu waliofungwa miguu jikoni tangu jana. Sharti linaloshika hutaja mnyama, idadi na mahali: kwa mfano, hakuna kuku wanaolala uani, na mbwa haruhusiwi bila idhini ya maandishi na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Dawa ya ukiukaji wake ni nyepesi kuliko zote, maana mnyama huondolewa, banda likabomolewa, na uani ukasafishwa siku hiyo hiyo.

Wageni ni suala gumu zaidi. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa, nayo ni ahadi ambayo Sheria ya Ardhi inaihesabu kuwamo katika kila pango hata isipoandikwa. Sharti la kukataza kabisa mtu kulala kwa mpangaji linagongana na haki hiyo, na linagongana pia na maisha yenyewe: mama mkwe akija kumuuguza mzazi, au ndugu wakija msibani, hakuna atakayewapeleka gesti. Hatari anayoiogopa mwenye nyumba, nayo ni ya haki, ni mgeni anayegeuka mpangaji wa pili, akitumia choo na maji pasipo kulipa, au kukodishiwa kitanda kimyakimya. Kwa hiyo sharti bora huweka mpaka wa muda, tuseme siku 14 mfululizo, na kumtaka mpangaji amtaarifu mwenye nyumba na kumwandikisha mgeni wa muda mrefu kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Katika mkoa unaopakana na Ziwa Tanganyika, wenye makazi ya Katumba na Mishamo yaliyopokea wakimbizi kutoka Burundi tangu miaka ya 1970, viongozi wa mtaa huulizia wageni kwa makini, na mwenye nyumba asiyejua nani analala kwake huwa hana la kujibu.

Kelele hazihitaji maelezo marefu. Sabufa, jenereta, mashine ya kuchomelea na mkesha wa maombi ndivyo vinavyotajwa sana. Sharti lisilotaja saa halina meno. “Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi sauti isisikike nje ya chumba” linapimika hata bila mashine, kwa mtu kusimama koridoni na kusikiliza. Nje ya mkataba zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, lakini hizo hufaa zaidi dhidi ya baa ya jirani kuliko dhidi ya mpangaji wa chumba cha tatu.

Kubadili nyumba

Mabadiliko ndiyo sharti lenye gharama, kwa sababu kilichobomolewa hakiondoki kama kuku anavyoondoka. Kubandika rafu, kufunga dishi juu ya mlingoti na kubadili kitasa ni mambo madogo yanayorudishwa siku ya kuhama. Kubomoa ukuta wa kati, kupanua dirisha, kuvuta waya kutoka kwenye mita ya LUKU au kujenga kibanda mbele ya nyumba ni mambo mengine. Mkataba mzuri hutenga makundi hayo mawili, hutaka idhini ya maandishi kwa la pili, na husema nani atalipa kurudisha hali ya mwanzo. Ujenzi unaogusa ukuta au kuongeza jengo huhitaji pia kibali cha ujenzi cha halmashauri. Idhini ya mwenye nyumba haichukui nafasi ya kibali hicho.

Chukua mfano wa kutunga. Mpangaji wa chumba na sebule amelipa 50,000 kwa mwezi kwa miezi sita. Sebule inatazama barabara. Anakata ukuta chini ya dirisha ili dirisha liwe mlango, anaweka mlango wa chuma na kufungua duka la soda na vocha. Nyumba ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Kama juu ya dirisha kuna linta ya zege, uzito wa juu umebebwa, na upande wa pembeni huenda ukastahimili. Kama linta haipo, au tundu jipya ni pana kuliko linta, ukuta huanza kusema wenyewe: ufa wa mshazari hutoka kona ya juu ya mlango kuelekea kenchi, mwembamba kama uzi mwanzoni, na baada ya mvua za masika unaingia ukucha. Ufa unaofuata maungio ya tofali kwa ngazi ni wa ukuta kutulia vibaya. Ufa wa plasta peke yake hauvuki upande wa ndani. Kuutazama pande zote mbili ndiyo njia rahisi ya kujua ukubwa wa tatizo kabla ya kuanza kutishana.

Sharti likivunjwa

Mwenye nyumba wa mfano wetu hana ruhusa ya kubadili kufuli, kukata umeme au kung'oa bati. Akifanya hivyo, yeye ndiye anayekuwa mkiukaji, na akiingia kwa nguvu anaweza kukutana na kosa la jinai. Sheria ya Ardhi inamtaka aanze na notisi. Notisi hiyo hutaja sharti lililovunjwa, jinsi lilivyovunjwa, kinachotakiwa kufanywa kama kosa linarekebishika, muda wa kufanya hivyo, na kitakachofuata mpangaji akikaa kimya. “Uondoke ndani ya siku saba” si notisi ya namna hiyo, kwani haimpi mpangaji nafasi ya kurekebisha. Nakala ikabidhiwe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na mpangaji asaini tarehe aliyoipokea. Picha za ukuta na jumbe za simu zihifadhiwe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, vitu hivyo vinaweza kupokelewa kama ushahidi.

Tuseme kurudisha dirisha kunahitaji tofali 60 za 9,000, saruji mfuko mmoja wa 20,000, mchanga wa 10,000, fundi na msaidizi kwa siku mbili 50,000, plasta na rangi 21,000. Jumla ni 110,000. Mkataba unasema “faini ya ukiukaji ni 500,000”. Wenye nyumba wengi hudhani wamekwisha kushinda laki tano. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema vinginevyo: kiasi kilichotajwa ni ukomo, na anayelalamika hupata fidia ya haki isiyozidi ukomo huo. Asipoonyesha hasara zaidi, kama vile ufa uliohitaji nguzo au chumba cha jirani kilichokaa tupu, dai lake litasimama karibu na ile 110,000. Mpangaji akirudisha ukuta ndani ya muda wa notisi, sababu ya kuvunja pango huwa imekwisha. Na mwenye nyumba aliyeona duka likifanya kazi, akapokea kodi ya miezi sita mingine bila kusema neno, atakuwa na kazi kubwa kueleza kwa nini leo analalamika.

Notisi ikipuuzwa, shauri la kumtoa mpangaji huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021, baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha. Likishindwa, hutoa cheti cha kuonyesha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji anaweza kuendelea mbele hata bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya la Katavi, lililopo Mpanda, ambako mwenyekiti huketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Baraza linaweza kuamuru pango livunjwe, lakini linaweza pia kumpa mpangaji nafuu: kumwongezea muda wa kurekebisha, au kumwamuru alipe fidia na kuendelea kukaa. Kwa kosa la kuku au la sabufa, kutegemea amri ya kuhamisha ni kubahatisha. Dai la fedha tupu, lisilogusa umiliki wala ukaaji, linaweza kupingwa kuwa ni la mkataba wa kawaida na kupelekwa mahakama nyingine, hivyo ni vema dai la fidia liambatane na la ukaaji pale yanapokwenda pamoja.

Amri ikitoka, utekelezaji ni wa dalali aliyepewa kazi hiyo na baraza, si wa vijana wa mtaani. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwa mashauri ya Katavi imekuwa ikiketi Sumbawanga, ndani ya siku 45 tangu uamuzi.