Sifuri kwa Sifuri: Historia ya Kufuta Kigawo Kinachotoweka, kutoka Fermat hadi Cauchy

Mwanafunzi anayefikia mlango wa vikomo hukutana mapema na mtajo kama (x³ − 8)/(x² − 4), na huulizwa unaelekea wapi x inapokaribia 2. Akiweka 2 mahali pa x, kiasi huwa 0 na asili huwa 0. Hufundishwa basi atafute vigawo: kiasi ni (x − 2)(x² + 2x + 4), asili ni (x − 2)(x + 2). Hufuta (x − 2) juu na chini, huweka 2 katika kilichobaki, hupata 12/4, yaani 3. Jibu ni sahihi. Hata hivyo, ndani ya hatua hizo mna jambo ambalo wanahisabati walilibishania kwa takriban miaka mia mbili: kigawo kilichofutwa ndicho kilekile kinachokuwa sifuri pale mahali panapoulizwa, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Ikiwa kilifutwa kwa sababu si sifuri, kwa haki gani hatua inayofuata inakichukulia kuwa sifuri?

Shaka hiyo ni ya zamani kuliko somo la vikomo. Bhaskara wa India, katika kitabu chake Lilavati cha mwaka 1150, aliweka kanuni kwamba namba iliyozidishwa kwa sifuri, ikiwa bado ina shughuli mbele yake, isitangazwe mapema kuwa sifuri. Sifuri ibaki imeandikwa kama kizidisho, na ikija kugawanywa kwa sifuri, namba hurudi ilivyokuwa. Aliuliza: ni namba gani ambayo ikizidishwa kwa sifuri, ikaongezwa nusu yake, ikazidishwa kwa 3, kisha ikagawanywa kwa sifuri, hutoa 63? Jibu lake ni 14, kwa kuwa 14 na 7 ni 21, na mara tatu yake ni 63. Huku ni kufuta sifuri waziwazi. Kwa kanuni za leo hesabu hiyo haina maana ikiwa sifuri yake ni sifuri kweli. Inapata maana pale tu sifuri inaposomwa kama kiasi kidogo ambacho bado hakijatoweka, na Bhaskara hakulitamka hilo.

Aliyeigeuza hila hiyo kuwa njia ya kazi ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, ambaye maandishi yake juu ya thamani kubwa kabisa na ndogo kabisa yalikuwa yakizunguka mikononi mwa wasomi wa Paris kufikia mwaka 1637. Mfano wake maarufu unahusu mstari wenye urefu B unaokatwa vipande viwili ili zao la vipande hivyo liwe kubwa iwezekanavyo. Kipande kimoja kikiwa A, zao ni A(B − A). Fermat aliweka A + E mahali pa A, akapata AB − A² + BE − 2AE − E². Alililinganisha zao hili na lile la kwanza, akaondoa vilivyo sawa pande zote mbili, akabaki na BE upande mmoja na 2AE + E² upande wa pili. Hapo aligawanya kila kitu kwa E na kupata B mkabala na 2A + E. Mwishoni aliitupa E iliyobaki, akapata B = 2A: mstari ukatwe katikati. Mstari wa urefu wa 10 hukatwa kwenye 5, na zao ni 25.

Tazama mpangilio wa hatua hizo. E iligawanya, na kwa hiyo haikuwa sifuri. E ilitupwa, na kwa hiyo ilikuwa sifuri. Fermat hakusema kwamba pande mbili ni sawa. Alitumia neno lililotokana na Diofanto, lenye maana ya kulinganisha kwa usawa wa kukadiria, na neno hilo lilibeba mzigo ambao hoja yenyewe haikuubeba. Descartes aliishambulia njia hiyo mwaka 1638 katika barua zilizopitia kwa Mersenne, lakini ugomvi wao ulihusu zaidi kama njia inafaa kwa mistari iliyopinda ya kila aina. Kiungo dhaifu, yaani hali mbili za E, kilipita bila kuguswa ipasavyo.

Aliyekigusa kwa nguvu zote hakuwa mwanahisabati kwa kazi yake. George Berkeley, aliyekuwa askofu wa Cloyne huko Ayalandi, alichapisha mwaka 1734 kitabu kidogo kilichoelekezwa kwa wafuasi wa Newton. Newton, katika andiko lake la mwaka 1704 kuhusu maeneo ya maumbo yenye mistari iliyopinda, alikuwa amefanya jambo lenye sura ileile. Chukua x², ongeza x kwa kiasi kidogo o, na tofauti ni 2xo + o². Igawanye kwa o ili kupata 2x + o, kisha acha o itoweke ili ibaki 2x. Berkeley alijibu kwa kanuni ya mantiki: dhana ikitumika kufikia matokeo, kisha dhana hiyo ikabatilishwa, basi na matokeo yaliyofikiwa kwa msaada wake lazima yabatilishwe pamoja nayo. Hairuhusiwi kuiondoa ngazi na kubaki juu ya dari. Inafaa kusisitizwa kwamba Berkeley hakudai kuwa 2x ni jibu baya. Alikiri kuwa majibu ni sahihi, na alichokanusha ni kwamba yamethibitishwa. Alikuwa na nia ya kidini katika kuandika, lakini nia hiyo haiipunguzii hoja uzito. Wengi waliomjibu Uingereza walitetea heshima ya Newton kuliko walivyoitetea hatua yenyewe.

Njia ya kutokea ilianza kuonekana kwa d'Alembert, katika makala yake ya mwaka 1754 ndani ya ensaiklopidia kubwa ya Kifaransa aliyoihariri pamoja na Diderot. Alichukua mstari uliopinda wenye mlinganyo y² = ax na nukta mbili juu yake. Tofauti ya y aliiita z, na tofauti ya x aliiita u. Kutokana na (y + z)² = a(x + u) hupatikana 2yz + z² = au, na kwa hiyo uwiano z/u ni a/(2y + z). Maadamu nukta ni mbili, z si sifuri, na kila hatua ni halali kabisa. Baada ya hapo d'Alembert hakusema kwamba z sasa ni sifuri. Alisema kuwa a/2y ni kiasi ambacho uwiano huo hukikaribia kadiri mtu anavyotaka z inapopungua. Kuweka sifuri mahali pa z katika a/(2y + z) ni njia ya mkato ya kukitambua kiasi kinachokaribiwa, si madai kwamba uwiano wenyewe upo pale.

Cauchy, katika kitabu cha mihadhara aliyowaandalia wanafunzi wa Shule ya Politekniki ya Paris na kuchapishwa mwaka 1821, aliifanya fikra hiyo kuwa msingi wa somo zima. Kwake, kikomo ni thamani thabiti ambayo thamani zinazofuatana za kigeugeu huikaribia hadi tofauti ikawa ndogo kuliko kiasi chochote kitakachotajwa. Baadaye Weierstrass, akifundisha Berlin, aliyaondoa maneno ya mwendo na kuacha ulinganisho wa namba pekee. Katika uandishi wa sasa, x inaruhusiwa kuwa karibu na 2 kwa umbali wowote ulio mkubwa kuliko sifuri, na 2 yenyewe imetolewa katika ufafanuzi.

Jibu kwa Berkeley linakaa katika utoaji huo. Mitajo (x³ − 8)/(x² − 4) na (x² + 2x + 4)/(x + 2) si kitu kimoja: kwenye 2, wa kwanza hauna thamani, wa pili una 3. Lakini inalingana katika kila mahali pengine palipo karibu na 2, na kwa kuwa kikomo hakiulizi kinachotokea kwenye 2, vikomo vyake ni kimoja. Kigawo kilifutwa kwa sababu x si 2, na dhana hiyo haibatilishwi hata mara moja. Hatua ya mwisho, ya kuweka 2 katika mtajo wa pili, inasimama juu ya hoja nyingine tofauti: asili x + 2 haiwi sifuri hapo, na mtajo hauna mruko, hivyo kikomo chake ni sawa na thamani yake. Mtu anaweza kupima kwa namba. Kwa x = 2.01 mtajo wa awali ni 0.120601/0.0401, takriban 3.0075. Kwa x = 1.99 ni takriban 2.9925.

Mwalimu anayeandika alama ya usawa kati ya mitajo hiyo miwili bila kutaja kwamba x si 2 huirudisha E ya Fermat darasani. Dalili yake huonekana mwanafunzi anapoulizwa thamani ya mtajo wa awali kwenye 2, naye akajibu 3 bila kusita. Neno kikomo lenyewe huchangia kidogo. Katika matumizi ya kawaida kikomo ni mahali safari inapoishia, ilhali hapa safari hairuhusiwi kufika.

Kwa nini kufuta kunafanya kazi daima kwa mitajo ya namna hii? Sababu imo katika jiometri ya Descartes ya mwaka 1637: polinomia inayokuwa sifuri kwenye a hugawanyika kikamilifu kwa (x − a). Kiasi na asili zikiwa sifuri kwenye nukta moja, zina kigawo hicho kwa pamoja bila shaka. Kila ufutaji hupunguza kipeo, hivyo kazi haiwezi kuendelea bila mwisho. Kinachoamua jibu ni upande gani una kigawo hicho mara nyingi zaidi. Katika (x − 2)²/(x² − 4) kimoja hubaki juu, na kikomo ni 0. Katika (x² − 4)/(x − 2)² kimoja hubaki chini: kwa 2.01 mtajo ni 401, kwa 1.99 ni −399, na kikomo hakipo. Kwa hiyo sifuri kwa sifuri si thamani iliyofichwa. Ni taarifa tu kwamba vigawo havijahesabiwa.

Dhamana hiyo inaishia kwenye polinomia. Mwaka 1696 l'Hôpital alichapisha kanuni ya kushughulikia sifuri kwa sifuri, aliyoipata kwa Johann Bernoulli, na mfano aliouchagua una vipeuo vya pili, vya tatu na vya nne kwa pamoja, ambamo (x − a) haionekani popote kama kigawo. Thamani yake kwenye a ni 16a/9. Kanuni hiyo ikitumiwa kwa mtajo wa mwanzo hutoa 3x²/2x, nayo kwenye 2 ni 12/4, jibu lilelile la 3. Ni njia fupi, na wanafunzi wengi wakishaijua huacha kutafuta vigawo. Lakini 2x iliyo kwenye asili ilipatikana kwa kugawanya 2xo + o² kwa o, na 3x² kwa kugawanya 3x²o + 3xo² + o³ kwa o. Mwanafunzi aliyeanza na kanuni amekwisha kufuta kigawo kinachotoweka mara mbili kabla ya kuandika mstari wake wa kwanza.