Jedwali la Uamuzi lenye Uzito katika Kuchagua Kazi

Jedwali la uamuzi lenye uzito ni njia ya kulinganisha machaguo kwa kuyapa alama katika vigezo vilivyowekwa mapema. Kila kigezo hupewa uzito wake, alama huzidishwa kwa uzito huo, kisha matokeo hujumlishwa. Wahandisi hulitumia kuchagua miundo ya mashine, na wanaotathmini zabuni wana jedwali la aina hiyohiyo. Makala hii inalitazama kwenye hali nyingine: mtu ana kazi tatu mbele yake, na kila akiamka moyo umehamia kwingine.

Sababu ya kuyumba huko ilielezwa vizuri mwaka 1772. Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi wa Leeds, Uingereza, alikuwa ameitwa kufanya kazi kwa Lodi Shelburne na hakujua aende au abaki. Akamwomba ushauri Benjamin Franklin, aliyekuwa London. Katika barua yake ya tarehe 19 Septemba, Franklin hakumwambia achague lipi. Alimwonyesha namna ya kuchagua. Hoja yake ni kwamba sababu za kukubali na za kukataa haziji akilini kwa pamoja. Leo linatangulia kundi moja, kesho jingine, na lililotangulia ndilo linaloshinda siku hiyo. Alipendekeza karatasi yenye safu mbili, siku tatu au nne za kuandika kila sababu inapojitokeza, kisha kupima uzito wa sababu hizo na kufuta zinazolingana. Priestley aliikubali kazi mwaka uliofuata, na ni huko Bowood, kwenye nyumba ya Shelburne, alikofanya jaribio la Agosti 1774 lililompatia gesi ya oksijeni.

Karatasi ya safu mbili inatosha kwa swali la kwenda au kubaki. Kazi zikiwa tatu, inahitajika jedwali.

Tuchukue mwalimu wa fizikia wa sekondari ya serikali mjini Morogoro, mwenye familia. Anaweza kubaki kwenye ajira yake ya kudumu. Anaweza kwenda shule binafsi ya Arusha kwa mkataba wa miaka miwili, familia ikibaki Morogoro. Au anaweza kuacha kufundisha na kufungua biashara ya kufunga umeme wa sola. Vigezo vyake ni vinne: kipato kinachobaki mfukoni baada ya makato, kodi ya nyumba na nauli; uhakika wa kazi; muda na familia; na ujuzi mpya.

Alama hutangulia uzito, na hutolewa kigezo kimoja kimoja kwa kazi zote tatu. Iliyo duni kuliko zote katika kigezo hicho hupata 0, iliyo bora hupata 10, na ya kati huwekwa inapostahili. Serikalini zinabaki shilingi 600,000 kwa mwezi, Arusha 900,000, na sola anakadiria 750,000. Kwa hiyo alama za kipato ni 0, 10 na 5.

Uzito ndipo wengi wanapokosea. Mtu huulizwa kipato kina umuhimu gani kwake, naye hujibu kwamba ni muhimu sana, bila kutazama tofauti iliyopo kati ya kazi zenyewe. Kama kazi zingekuwa mbili tu, ya serikali na ya Arusha, na Arusha ingebakiza 620,000 badala ya 900,000, tofauti ya 20,000 bado ingepata alama 10 dhidi ya 0, na uzito mkubwa ungeikuza kupita kiasi. Swali sahihi ni hili: tuseme umepewa kazi iliyo duni katika vigezo vyote vinne, na unaruhusiwa kupandisha kigezo kimoja tu kutoka hali duni hadi bora, utaanza na kipi? Mwalimu wetu anaanza na kipato, kutoka 600,000 hadi 900,000, anakipa 100. Vingine anavilinganisha na hicho: uhakika 75, familia 50, ujuzi 25. Jumla ni 250, kwa hiyo katika asilimia uzito unakuwa 40, 30, 20 na 10.

| Kigezo | Uzito | Serikali | Arusha | Sola |
|---|---|---|---|---|
| Kipato | 40 | 0 | 10 | 5 |
| Uhakika | 30 | 10 | 4 | 0 |
| Familia | 20 | 10 | 0 | 3 |
| Ujuzi | 10 | 0 | 6 | 10 |
| Jumla | | 500 | 580 | 360 |

Arusha imeongoza, lakini asisaini bado. Kwa mtu ambaye moyo wake haujatulia, namba hizi ni za siku moja. Afunike karatasi, na siku mbili tatu baadaye agawe uzito upya bila kutazama wa kwanza, kisha arudie tena. Alama aziache kama zilivyo mpaka apate habari mpya: mshahara wa Arusha haubadiliki kwa sababu yeye ameamka na huzuni. Kinachobadilika kwa hisia ni uzito, na jedwali linaonyesha ni uzito upi.

Tuseme jioni moja, baada ya mazungumzo na mtoto, anaona kipato na familia vyote vinastahili 30. Serikali inapanda hadi 600, Arusha inashuka hadi 480, sola inakuwa 340. Mpaka kati ya kazi mbili za juu uko karibu sana: kipato kikiwa 36 na familia 24, zote zinapata 540. Sola haiingii katika ushindani huo. Ili iongoze, ujuzi ungehitaji kupanda kutoka 10 hadi 42 hivi, vingine vikipungua kwa uwiano uleule. Kilichoonekana kama mkanganyiko wa kazi tatu kimekuwa swali moja: shilingi 300,000 kwa mwezi dhidi ya kuishi na watoto.

Hakuna haja ya kugombana na tarakimu ndogo za uzito. Mwanasaikolojia Robyn Dawes alionyesha mwaka 1979 kwamba hata fomula zinazovipa vigezo vyote uzito sawa mara nyingi hukadiria vizuri kuliko wataalamu wanaotegemea hukumu yao ya jumla. Kwa mwalimu huyu uzito sawa unazifanya Serikali na Arusha zifungane, alama 20 kwa 20, sola ikiwa na 18. Ishara nyingine ya mahali ugumu ulipo. Kosa kubwa zaidi ni kuhesabu jambo moja mara mbili, kwa mfano kuandika mshahara, marupurupu na akiba kama vigezo vitatu, hapo pesa imeshapendelewa kabla ya uzito wowote. Na jambo lisilovumilika, kama mgonjwa nyumbani asiyeweza kuachwa, halitiwi kwenye jedwali. Linaondoa kazi husika mwanzoni kabisa.

Hisia nazo zina zamu yao. Mwaka 1955 mwanasaikolojia Daniel Kahneman alipanga upya usaili wa askari wapya wa Israeli: msaili alitoa alama za sifa sita, moja moja, na baada ya hapo tu ndipo alipofumba macho na kutoa kadirio lake la jumla. Kadirio hilo la mwisho lilikuwa na manufaa, kwa sababu lilikuja baada ya kila sifa kutazamwa.

Mwalimu akijua swali lake ni lipi, anaweza kuongeza safu ya nne: Arusha pamoja na familia. Kodi ya nyumba kubwa inapunguza kinachobaki hadi 780,000, yaani alama 6, na familia inapanda hadi 8, si 10, kwa kuwa watoto wanahama shule na kuwaacha bibi na babu. Uhakika na ujuzi havibadiliki. Kwa uzito wa kwanza safu hiyo inapata 580, sawa na Arusha ya peke yake. Kwa 36 na 24 inapata 588 na kuongoza. Kwa 30 na 30 inapata 600, sawa na Serikali. Hakuna hata siku moja kati ya hizo inayoishusha chini ya nyingine. Kabla ya kusaini anatakiwa kuulizia kodi halisi ya nyumba za Arusha, kwa sababu hiyo 780,000 bado ni makadirio.