Umeambiwa usaili umeisha, mara unaitwa tena? Fanya hivi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Ijumaa afisa ajira anakupigia: "Umefanya vizuri, usaili umeisha, subiri barua." Jumanne anapiga tena, eti kuna kikao kimoja zaidi na mkurugenzi. Ufanyeje?

Usimfokee. Mara nyingi anayepiga simu siye mwenye uamuzi. Huenda bosi alikuwa safarini na anataka kukuona, au mmebaki wawili mliolingana. Pia inawezekana kazi kapewa mwingine ambaye bado anavutana nao kuhusu mshahara, na wewe umewekwa akiba. Hilo hawatakuambia, ila unaweza kulinusa kwa majibu yao.

Kubali, kisha tuma meseji ili majibu yabaki kwa maandishi:

"Habari za mchana. Asante kwa taarifa, nipo tayari. Naomba kujua nitaonana na nani, angependa kufahamu nini zaidi, na kama hii ndiyo hatua ya mwisho. Barua ya ajira inatarajiwa lini?"

Mwenye nia atakupa cheo cha mtu na tarehe. Ukijibiwa "tutakujulisha" kila ukiuliza, endelea kutuma maombi kwingine.

Sasa chukua mhasibu wa Dar es Salaam anayelipwa kwa mwezi. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania, notisi yake ni siku 28. Kama Ijumaa ile alifurahi akaandika barua ya kuacha kazi, Jumanne zimeshapita siku nne. Mkurugenzi akimkataa, amebakiwa na siku 24 za mshahara, na bosi wa sasa akigoma kumrudisha, ndiyo basi. (Kenya nako notisi ya wanaolipwa kwa mwezi ni siku 28.) Kwa hiyo "umepita" ya kwenye simu isikutoe kazini. Subiri barua yenye mshahara, cheo na tarehe ya kuanza, iliyosainiwa.

Kwenye kikao chenyewe, mkurugenzi kwa kawaida harudii maswali ya kitaalamu. Atataka kujua utaanza lini, kwa nini unaondoka ulipo, na mshahara unaotaka. Taja kiasi kilekile ulichotaja mwanzo. Ukipandisha, anaweza kudhani una maneno mawili. Ukishusha kwa woga, ndicho watakachoandika kwenye mkataba.

Duru moja ya ziada inavumilika. Wakiongeza nyingine, omba kwanza ofa ya maandishi, hata yenye masharti. Wakikupa jaribio la saa moja, lifanye. Wakitaka uwafungie hesabu zao halisi kwa siku mbili bila malipo, hiyo ni kazi, kataa kwa adabu. Na "hatua ya mwisho" ikiambatana na ada ya fomu au ya vipimo inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi, usitume hata shilingi.