Mgawanyo wa madaraka kati ya serikali kuu na jimbo: Goma na Kivu Kaskazini

Mgawanyo wa madaraka ni utaratibu wa kikatiba unaoeleza ni mambo gani yanaamuliwa na serikali kuu, yapi yanaamuliwa na jimbo, na yapi yanashughulikiwa na pande zote mbili. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo utaratibu huo umo katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, na msuluhishi wake wa mwisho ni Mahakama ya Katiba iliyoko Kinshasa. Makala hii inautazama kutoka Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, kwa sababu hakuna jimbo ambalo mgawanyo huo umejaribiwa vikali zaidi.

Katiba haikuiita Kongo shirikisho, wala haikuiacha kuwa nchi inayoendeshwa yote kutoka Kinshasa. Waandishi wake walitoka vitani wakiwa na hofu mbili zinazovutana: nchi kumeguka, na mji mkuu kumeza kila kitu. Walichagua njia ya kati. Jimbo lina nafsi yake kisheria, lina bunge linalochaguliwa na wananchi, na lina gavana anayechaguliwa na wabunge wa jimbo hilo. Ibara ya 202 inaorodhesha mambo ya serikali kuu peke yake, kama uraia, ulinzi, mambo ya nje, sarafu na forodha. Ibara ya 204 inayataja ya jimbo peke yake. Katikati, ibara ya 203 ina mambo ya pamoja, na humo ndimo magomvi mengi huzaliwa, kwa kuwa haki za ardhi na za madini zimewekwa huko.

Ibara ya 205 ndiyo kanuni ya kuamulia. Bunge la jimbo haliruhusiwi kutunga sheria juu ya jambo la serikali kuu, na Bunge la taifa nalo haliruhusiwi kuingilia jambo la jimbo, isipokuwa upande mmoja umeukabidhi mwingine mamlaka yake kwa muda. Katika mambo ya pamoja, sheria ya jimbo, ambayo kwa lugha ya Katiba ni edikti, ikigongana na sheria ya taifa, inabatilika kwa kiasi cha mgongano huo. Kwa hiyo edikti yenye vifungu kumi inaweza kupoteza viwili na vinane vilivyobaki vikaendelea kutumika.

Mfano mzuri uko mpakani. Goma na Gisenyi ya Rwanda ni miji iliyoshikana, na wanawake wengi huvuka Petite Barrière kila siku wakiwa na mboga, unga au nguo. Katiba inasema wazi kwamba kuandaa biashara ndogondogo ya mpakani ni kazi ya jimbo. Lakini ushuru wa kuingiza na kutoa bidhaa ni wa serikali kuu, na pasipoti na vibali vya kuvukia navyo ni vyake. Mchuuzi mmoja mwenye kikapu kimoja cha nyanya anasimama mbele ya mamlaka mbili. Jimbo linaweza kupanga soko la mpakani, likaweka vibanda na kutoza ada ya kutumia kibanda. Likitoza fedha kwa sababu tu nyanya zimevuka mstari, hilo ni ushuru wa forodha, hata karatasi ikiandikwa “mchango wa usafi”. Hakimu anayepima mamlaka huangalia tozo inadai nini na kwa tukio gani. Jina lililoandikwa juu ya risiti halimfungi.

Tarehe 13 Machi 2018 serikali iliweka amri mbili zenye nguvu ya sheria, moja ikiorodhesha kodi na tozo za serikali kuu na nyingine zile za majimbo na vyombo vya chini kama miji, komuni na cheferi. Kuanzia hapo mfanyabiashara akiombwa fedha, swali la kwanza ni jepesi: je, tozo hii imo katika orodha, na imo katika orodha ya nani? Kodi ya ardhi na majengo, kodi ya mapato ya kupangisha nyumba na kodi ya magari ni za jimbo kwa maneno ya Katiba yenyewe. Kivu Kaskazini ina idara yake ya mapato ya kuzikusanya.

Fedha, hata hivyo, ndiyo sehemu ambayo Katiba haijatekelezwa. Ibara ya 175 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na inataka zikatwe hukohuko zinapokusanywa. Hilo halijawa desturi. Kinshasa hukusanya yote, kisha hurudisha sehemu kwa wakati na kiasi inachokiona kinafaa. Jimbo linalongoja fedha zake mkononi mwa mwingine lina mamlaka pungufu, hata kama ibara ya 204 ingekuwa ndefu mara mbili.

Ugomvi ukitokea, mlango wa mahakama si mmoja. Uamuzi wa kiutawala wa gavana hupingwa mbele ya mahakama za utawala za rufaa, na ule wa mamlaka za serikali kuu mbele ya Baraza la Serikali, ambalo licha ya jina lake ni mahakama kuu ya mambo ya utawala. Edikti inayodaiwa kuvunja Katiba huenda Mahakama ya Katiba, yenye mahakimu tisa. Mahakama hiyohiyo, kwa ibara ya 161, huamua migongano ya mamlaka kati ya Serikali ya taifa na majimbo, na huifasiri Katiba ikiombwa na Rais, serikali, maspika wa mabunge mawili, sehemu ya kumi ya wabunge au maseneta, magavana na maspika wa mabunge ya majimbo. Ibara ya 162 inampa mtu yeyote haki ya kupinga sheria au kanuni inayokiuka Katiba. Uamuzi ukishatolewa hauna rufaa.

Mahakimu wa kwanza waliapishwa Aprili 2015. Kabla yao kazi hiyo ilifanywa na Mahakama Kuu ya zamani. Miezi mitano haikuisha wakakutana na kesi iliyoonyesha tabia yao. Mwaka huohuo majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26, likiwemo jiji la Kinshasa. Kivu Kaskazini haikuguswa, kwa kuwa mipaka yake ilichorwa tangu 1988 Kivu ya zamani ilipogawanywa. Majimbo mapya hayakuwa na magavana wala fedha za kuwachagua, na Tume ya Uchaguzi ikaomba tafsiri. Tarehe 8 Septemba 2015 Mahakama iliitaka serikali ichukue hatua za mpito za kulinda utulivu na huduma za umma. Serikali ikaisoma kauli hiyo kama ruhusa, na mwishoni mwa Oktoba Rais Joseph Kabila akateua makamishna maalumu wa kuyaongoza majimbo hayo. Magavana wa kuchaguliwa walipatikana Machi 2016. Mahakama ilikuwa imeombwa kueleza sheria ya uchaguzi, na jibu lake likafungua njia ya uongozi ambao Katiba haiutaji. Pengo likitokea kati ya jimbo na serikali kuu, mahakimu hawa huegemea upande wenye uwezo wa kuendesha mambo.

Kwa Goma, mtihani ulifika Mei 2021. Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi unaowekwa kisheria, katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 6 Mei. Gavana Carly Nzanzu Kasivita akaondoka ofisini na nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Jenerali Constant Ndima. Shughuli za bunge la jimbo zilisimamishwa. Kesi nyingi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi, jambo ambalo ibara ya 156 inaliruhusu wakati wa vita au wa hali hiyo.

Kisheria, hatua zilifuata mlolongo wa ibara tatu. Ibara ya 85 inampa Rais uwezo wa kutangaza baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wawili. Ibara ya 144 inaipa hali hiyo siku 30, kisha nyongeza za siku 15 kila mara kwa idhini ya Bunge la taifa na Seneti. Ibara ya 145 inaagiza amri za utekelezaji zipelekwe Mahakama ya Katiba mara zinapotiwa sahihi, nayo iache kazi nyingine zote na kusema kama zinakiuka Katiba au la. Amri ya tarehe 3 Mei ilipelekwa, na Mahakama ikasema inapatana na Katiba.

Uamuzi wa aina hiyo una mipaka inayostahili kueleweka. Mahakama hupima karatasi siku ya kwanza, kabla ya hatua zenyewe kuanza kuwagusa watu. Haina mlalamikaji mbele yake, wala ushahidi wa yanayotendeka mitaani. Hakuna anayesimama kuitetea ibara ya 204. Na baada ya siku hiyo, swali la nyongeza huwa la Bunge, ambalo liliendelea kupiga kura za siku 15. Lilipokuwa likizoni, serikali ilipewa idhini ya kuongeza muda kwa amri zenye nguvu ya sheria. Hatua iliyoandikwa kwa siku 30 imehesabiwa kwa miaka.

Lipo tatizo lingine ambalo halizungumzwi sana. Katika orodha ya wanaoweza kuiomba Mahakama tafsiri, jimbo lina sauti mbili: gavana na spika wa bunge la jimbo. Chini ya hali ya kuzingirwa, gavana ni mwanajeshi aliyeteuliwa na Rais, na bunge halikutani. Jimbo linaporwa mamlaka yake na papo hapo linakosa mtu wa kulisemea. Raia anabaki na ibara ya 162, lakini mahakama iko Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kwa ndege, na wakili hulipwa. Hili, kwa maoni ya mwandishi, ndilo kasoro kubwa ya mpango mzima, na lingerekebishwa kwa sentensi moja katika sheria ya Mahakama, ikimpa spika aliyesimamishwa haki ya kufungua shauri.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupuuzwa. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, siku 16 tu baada ya jeshi kushika ofisi. Jenerali Ndima aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na maelfu kwa maelfu wakaelekea Sake, Minova na Rwanda. Amri ilitoka kwa mtu mmoja na hapakuwa na mabishano ya nani mwenye mamlaka. Lakini kusudi lililotangazwa la utawala huo lilikuwa kumaliza makundi yenye silaha, na M23 ilirudi vitani kabla mwaka haujaisha.

Mnamo Agosti 2023 mkutano uliitishwa Kinshasa kuitathmini hali hiyo, na Oktoba Rais akatangaza kuilegeza hatua kwa hatua. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi na Rutshuru. Januari 2025 gavana wa kijeshi, Meja Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa akiwa mstari wa mbele, na siku chache baadaye M23 na washirika wake wa AFC wakaiteka Goma. Waliweka gavana wao, Bahati Musanga Joseph. Kinshasa nayo ilimteua Meja Jenerali Evariste Somo Kakule, ambaye makao yake yakawa Beni. Wa kwanza hana msingi wowote katika Katiba. Wa pili anasimama juu ya amri ile ya Mei 2021. Gavana wa mwisho aliyechaguliwa na wabunge wa Kivu Kaskazini, kama Katiba inavyotaka, ni Nzanzu Kasivita, wa mwaka 2019.