Nukta ya baba: peseta 350.000 zilizosomwa namna tatu

Mwaka jana, katika mkutano wa komite ya mfuko wa musaada, karatasi moja ilitusimamisha karibu majuma matatu. Ilikuwa kopi ya kitabu cha benki cha baba mmoja, mwanachama wetu wa Katuba, aliyefanya kazi ya kujenga nyumba kule Hispania (Espanye, kama tunavyosema hapa) na kurudi Lubumbashi mwaka 1998. Mstari wa mwisho wa kitabu ulionyesha 350.000. Baba alikuwa anaomba musaada wa matibabu. Kanuni yetu inamtaka kila anayerudi aandike pia mali aliyoiacha kule alikotoka, ili mfuko uwasaidie kwanza wale wasio na kitu. Basi swali letu lilikuwa dogo tu: hizi 350.000 ni makuta ngapi?

Tulipata majibu matatu. Mama mmoja anayefanya biashara ya Kasumbalesa alisema ni mia tatu na makumi tano tu, na zile sifuri tatu za nyuma ni senti. Mzee mmoja akashtuka: "Euro elfu mia tatu na makumi tano! Sasa huyu baba anatafuta nini kwetu?" Na mimi, mwenye kalamu ya ripoti ya wafadhili, nilipiga hesabu kwenye kompyuta nikaandika euro 2,10. Kati ya watatu sisi, mimi ndiye niliyekosa vibaya zaidi, kwa sababu jibu langu lilitoka kwenye mashini na kila mtu aliliamini.

Nimeombwa nieleze kosa lile lilitoka wapi. Nitalieleza kwa njia ya historia, kwa kuwa ndiyo iliyotukosesha.

Miji miwili, alama mbili

Sisi wa Lubumbashi tunaishi kwenye mpaka wa namna mbili za kuandika hesabu. Shule yetu ilitoka kwa Wabelgiji. Katika desturi ile mkato ndio unaotenganisha nambari nzima na vipande vyake: 2,50 ni mbili na nusu. Maelfu yanatenganishwa kwa nafasi au kwa nukta. Hispania wanaandika vilevile, na kwenye bei zao nukta ya maelfu ni ya kawaida sana: 1.250,00 € ni euro elfu moja mia mbili na makumi tano kamili. Alama ya makuta inakuja nyuma ya nambari, si mbele. Sokoni utaona pia bei imeandikwa kwa mkono 3'50 €, mkato umepandishwa juu. Hiyo ni euro tatu na senti makumi tano.

Ukivuka Kasumbalesa, mambo yanageuka. Zambia ilitawaliwa na Waingereza, kwa hiyo kule nukta ndiyo ya senti na mkato ndio wa maelfu. Tanzania na Kenya ni vile vile. Maana yake ni kwamba wasomaji wa Kiswahili wenyewe wamegawanyika: mtu wa Dar es Salaam akiona 1,250 anasoma elfu moja na zaidi, mtu wa Lubumbashi aliyesoma shule ya Kifaransa anasoma moja na robo. Yule mama hakuwa mjinga. Alisoma kwa macho ya Kitwe.

Tena sisi tumezoea kuona sifuri zikikatwa. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1 000. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 faranga ya Kongo moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Hata Zambia, tarehe 1 Januari 2013, kwacha mpya moja ikawa kwacha za zamani 1 000. Mtu aliyepita katika hayo yote, ukimwonyesha sifuri tatu nyuma ya nukta, hashangai ukimwambia hazina kazi.

Lakini kitabu cha baba kilikuwa na dalili ya wazi. Kiliandikwa kwa peseta, alama yake ptas, makuta ya Hispania kabla ya euro. Tangu mwaka 1983 Hispania haikuwa tena na sarafu za sentimo, na bei za peseta ziliandikwa bila vipande. Kwa hiyo nukta katika 350.000 haiwezi kuwa ya senti. Ni ya maelfu tu: peseta elfu mia tatu na makumi tano. Mama wa Kasumbalesa alikosa nukta. Mzee alisoma nukta vizuri, lakini akakosa jina la makuta.

Nambari 166,386

Na mimi? Mimi nilijua kwamba peseta inageuzwa kuwa euro kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Tarehe 31 Desemba 1998, Baraza la Umoja wa Ulaya liliweka viwango vya nchi kumi na moja za kwanza za euro, vikaanza kazi siku iliyofuata. Kwa Hispania: euro 1 ni peseta 166,386. Kiwango hiki hakibadiliki kama kile cha dola mitaani. Kilibaki kilekile noti za euro zilipotoka tarehe 1 Januari 2002, na ndicho kinachotumika mpaka leo kwa karatasi za zamani.

Sasa tazama mtego. Kila kiwango kilipewa tarakimu sita zenye maana. Faranga ya Ubelgiji ilipata 40,3399: mbele mbili, nyuma nne. Faranga ya Ufaransa 6,55957: mbele moja, nyuma tano. Hakuna anayeweza kusoma hizo kama maelfu, kwa sababu kundi la maelfu lina tarakimu tatu siku zote. Lakini peseta ilikuwa na tatu mbele, basi nyuma zikabaki tatu kamili. Katika zile nchi kumi na moja, ni Hispania na jirani yake Portugali tu (eskudo 200,482) ambazo kiwango chao kina sura ya maelfu.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Kiingereza. Nilipoandika 166,386 ilielewa laki moja na zaidi: elfu mia moja makumi sita na sita, mia tatu makumi nane na sita. Haikulalamika. Iligawanya 350 000 kwa nambari ile ikanipa 2.10, nami nikageuza nukta kuwa mkato ili ipendeze katika ripoti ya Kifaransa. Laiti ningeandika 166.386, ingegawanya sawasawa:

350 000 ÷ 166,386 = 2 103,54

Euro elfu mbili mia moja na tatu, na senti makumi tano na ine. Kosa langu lilikuwa la mara elfu moja kamili. Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa huu: kosa la nukta na mkato halikosei kidogo, linakosea mara elfu.

Kwa hiyo linaweza kushikwa bila mashini. Wahispania wengi walikuwa na hesabu ya kichwani: peseta elfu moja ni kama euro sita. Peseta elfu mia tatu na makumi tano ni mara mia tatu na makumi tano ya sita, yaani 2 100. Iko karibu na jibu letu. Njia nyingine ni kuuliza makuta yale yalikuwa na uzito gani wakati ule. Mwaka 1998 mshahara wa chini kabisa wa kisheria Hispania ulikuwa peseta 68.040 kwa mwezi. Akiba ya baba ilikuwa kama miezi mitano ya mshahara ule. Fundi wa ujenzi anaweza kuweka hivyo. Hawezi kuwa na euro elfu mia tatu na makumi tano, wala hawezi kutunza kitabu cha benki miaka ishirini na zaidi kwa ajili ya euro mbili.

Tena ni baba mwenyewe aliyetuamsha. Nilipomsomea ripoti yangu, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, mi sijui euro, nilirudia mbele ya euro kutoka. Lakini hii makuta nililala njaa juu yake. Haiwezi kuwa ya kununua mukate moja."

Tulivyomaliza

Tulirekebisha karatasi. Baada ya hapo lilibaki swali la pili: je, euro 2 103,54 bado ni zake? Akaunti zote za peseta zilihesabiwa kuwa euro zenyewe mwaka 2002, hakuna aliyepoteza kwa sababu hiyo. Lakini sheria ya Hispania ya tarehe 3 Novemba 2003 inasema akiba ambayo mwenyewe hakuigusa kwa miaka ishirini inakuwa ya serikali. Baba hakuigusa tangu 1998. Mwaka 2018 muda ulipita. Na kama angekuwa na noti za peseta ndani ya sanduku, Benki ya Hispania ilifunga mlango wa kuzibadilisha tarehe 30 Juni 2021. Katika safu ya mali tuliandika sifuri, na pembeni tukaandika kwa nini. Komite ilikubali matibabu. Majuma matatu aliyongoja, siwezi kumrudishia.

Tangu siku ile, katika fomu na ripoti zetu tunafuata desturi moja. Nambari iliyo kwenye karatasi ya kigeni tunaikopi kama ilivyo, na alama zake zote, pamoja na jina la makuta na mwaka. Chini yake tunaandika kwa namna yetu: jina la makuta mbele, kama Kiswahili kinavyosema, maelfu kwa nafasi tupu, na senti kwa maneno. Mfano: "Kwenye karatasi: 350.000 ptas, 1998. Yaani euro 2 103 na senti 54." Hatukubuni sisi. Mkutano mkuu wa dunia wa vipimo ulisema mwaka 2003 kwamba nukta na mkato vyote vinakubalika kwa vipande, lakini kati ya makundi ya tarakimu tatu kisiwekwe kimojawapo, iwe nafasi tu. Na neno "senti" halina nukta wala mkato. Wa Kitwe, wa Dar na wa Katuba wanalisoma sawa. Ikiwa wafadhili wanataka dola, tunaanza na euro kamili bila kuikata, tunaandika kiwango cha siku na tarehe yake.

Kuna jambo moja desturi hii haiwezi kutatua peke yake: tarakimu tatu nyuma ya alama moja, bila alama ya pili. Petroli kule Hispania inaandikwa kwa tarakimu tatu, kwa mfano 1,459 € kwa lita. Hapo alama haitakuambia kitu. Uliza kwanza ni kitu gani kinauzwa na kwa kipimo gani, na kama mwenye karatasi bado yuko hai, mwulize yeye mbele ya kompyuta.