Ilani za usalama kazini: Onyo huokoa likisomeka upesi

Nje ya stoo moja ya mitungi ya gesi mjini Isiolo nilisoma ilani hii: “Wafanyakazi wote na wageni wanaofika katika eneo hili wanaarifiwa kwamba hairuhusiwi kwa mtu yeyote kuwasha moto au kuvuta sigara karibu na mitungi ya gesi kwani jambo hilo linaweza kusababisha mlipuko.”

Sarufi yake haina dosari. Ila hebu tuhesabu. Ilani ina maneno 30. Katazo lenyewe, “hairuhusiwi”, ni neno la 11. Moto unatajwa kwenye neno la 16, na gesi kwenye neno la 24. Kuli aliyebeba mzigo begani ana haraka zake; atasoma manne matano, kisha apite. Manne matano hayo yatamwambia tu kwamba kuna wafanyakazi na wageni.

Je, mtindo huu ulitoka wapi? Mwaka 1951 Kenya ilianza kutumia Sheria ya Viwanda, iliyoigwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1937. Mwaka 1990 sheria hiyo ilipanuliwa ili ihusu pia mahali pengine pa kazi, na mwaka 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Muhtasari wa sheria ukabandikwa ukutani. Kwa maoni yangu, waandishi wengi wa ilani waliiga sauti ya karatasi hiyo. Lakini sheria huandikwa kwa ajili ya hakimu, ambaye anaketi na kusoma mara mbili. Ndiyo maana hutaja kila mhusika na kila sababu. Ilani haina msomaji wa namna hiyo.

Kumbe wananchi walikuwa na mtindo wao tangu zamani. Kwenye mageti ya Kenya tunasoma “MBWA KALI”. Mwalimu wa sarufi atasema ni “mbwa mkali”, na atakuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna anayeikosea maana. Ilani hiyo haiamuru chochote. Inataja kinachouma, na mpita njia anajua la kufanya. Kadhalika nguzo za umeme: “HATARI” na picha ya fuvu. Neno hilo tulilolipokea kutoka Kiarabu hueleweka hata kwa asiyekimudu Kiswahili sanifu.

Basi turudi kwenye stoo yetu. Kwanza, tuondoe “wafanyakazi wote na wageni”, maana anayesoma ndiye anayeambiwa. Pili, “katika eneo hili” halina kazi. Bango limesimama papo hapo. Tatu, kitu cha hatari kitangulie, kisha amri. Tunabaki na maneno sita: “HATARI: GESI. USIWASHE MOTO. USIVUTE SIGARA.” Mlipuko hatuutaji, kwa sababu gesi na moto vikikaa pamoja vinajieleza.

Mbona tusifute “usivute sigara”, ikiwa sigara nayo ni moto? Hapo ndipo ufupi una mpaka. Mvutaji ambaye sigara yake imekwisha kuwaka hawashi kitu, na anaweza kujiona hahusiki. Vilevile “HATARI” peke yake humwacha msomaji akijiuliza: hatari ya nini? Neno likifutwa na mtu akabaki na swali, lirudishwe.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia hapa. Katika “usiguse”, katazo liko mwanzoni kabisa, na amri nzima ni neno moja. Lakini waandishi wengi hupenda kauli ya kutendwa: “Mashine hii isiwashwe.” Hapo neno lenye “si” limekuja mwisho. Anayelitupia jicho anaweza kuona “mashine hii... iwashwe”. Silabi moja imeponyoka, na maana imepinduka! “USIWASHE” ni salama zaidi. Hata “tafadhali”, neno zuri la adabu, hupoteza nafasi ya kwanza ambayo jicho hutua.

Isiolo ina Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru; kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Kwa hiyo mwandishi asijipime mwenyewe. Amwombe mtu asiyeijua stoo hiyo apite mbele ya bango bila kusimama, kisha amuulize: “Ukiingia humo, hutafanya nini?” Asimuulize kama ameelewa, kwa kuwa karibu kila mtu husema ndiyo. Akijibu kwamba hatawasha moto wala kuvuta sigara, bango limefaulu. Akirudi nyuma kulisoma tena, bado lina maneno ya kupunguzwa, au lina neno lililokosekana.